Soda ya mchana na sekunde tatu za kwanza za video ya akiba

Dhana: Lazima uanze video kwa salamu, la sivyo utaonekana huna adabu.

Ukweli: Hapa Mombasa salamu ni heshima, na si lazima uiache. Isogeze tu iwe sentensi ya pili. Hebu soma hii kwa sauti: "Asalaam aleikum, karibuni tena kwenye chaneli yetu, leo tutazungumzia umuhimu wa kuweka akiba." Ni maneno 13, na neno "akiba" limekuja mwisho kabisa. Ukisema kwa mwendo wa kawaida, sekunde tano hivi zimekwisha, na mtazamaji hajasikia lolote linalomhusu. Kidole kishasogea.

Dhana: Taja pesa nyingi ndipo watu washtuke.

Ukweli: "Weka akiba ya milioni moja" humpita mtu anayelipwa kwa siku, kwa sababu haoni pa kuanzia. Kinachomshika ni matumizi anayoyafanya leo, yakiwekwa kando ya deni analolijua. Chukua soda ya shilingi 50 inayonunuliwa kila mchana, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 300 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 15,600. Kama chumba chake ni cha 7,500 kwa mwezi, basi ni kodi ya miezi miwili na chenji. Mstari wako ni huu: "Soda ya mchana imekula kodi ya miezi miwili." Maneno manane, sekunde tatu hivi.

Angalia kilichoachwa. "Elfu kumi na tano mia sita" ni maneno sita mdomoni, kwa hiyo usiitamke; iandike kwenye skrini: 50 × 6 × 52 = 15,600. Anayesubiri feri Likoni na simu imezimwa sauti ataielewa vilevile. Maandishi yakae juu ya katikati, kwa maana chini yatafunikwa na maelezo ya video. Tena tumesema "soda ya mchana", si "soda yako". Anayehisi anasutwa huondoka.

Dhana: Swali humshika kila mtu.

Ukweli: "Je, unataka kuweka akiba?" hujibiwa "ndiyo" moyoni, na mambo yakaishia hapo.

Dhana: Watu wakitoka, mstari wa kwanza ndio mbovu.

Ukweli: Fungua grafu ya watazamaji waliobaki. Ikiporomoka kabla ya sekunde ya tatu, andika mstari upya. Ikishikilia kisha ianguke kwenye sekunde ya nane au ya kumi, mstari ulifanya kazi yake, ila hukutimiza ulichoahidi: uliwaambia soda imekula kodi, halafu ukaingia kueleza faida za akiba. Hapo usiguse mwanzo. Baada ya salamu, onyesha hesabu yenyewe papo hapo, hamsini baada ya hamsini, kisha useme hiyo hamsini iwekwe wapi kuanzia kesho mchana.