Taa ya Chek Injini Inapokonyeza: Kinachoungua Chini ya Gari

Taa ya chek injini ikiwaka tu naambiwa naweza kufika kwa fundi, lakini ikianza kukonyeza naambiwa nisimame. Kwa nini, na taa ni ile ile?

Ni kwa sababu kukonyeza kuna maana moja tu: injini inamisi, yaani silinda inakosa kuchoma mafuta yake, na inamisi kiasi cha kuweza kuharibu katalitiki, lile kopo la ekzosi linalosafisha moshi, wakati huu huu gari linapotembea. Taa iliyotulia inaweza kubeba hitilafu nyingi, kuanzia sensa ya oksijeni iliyochoka hadi hewa inayovuja mahali. Kompyuta imeiona hitilafu hiyo, mara nyingi katika safari mbili mfululizo, ikaiandika na sasa inakukumbusha. Gari la namna hiyo lipeleke kwa fundi ndani ya siku chache. Linalokonyeza halina siku chache.

Kompyuta haina jicho ndani ya silinda. Inachofanya ni kusoma mwendo wa krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kupitia sensa iliyo karibu nayo. Kila silinda inapochoma mafuta, krenkishafti husukumwa na kuongeza kasi kidogo. Silinda ikikosa kuchoma, msukumo huo haupo na krenkishafti inazubaa kwa sehemu ya sekunde. Kompyuta inahesabu kuzubaa huko na inajua ni zamu ya silinda gani. Kwa hesabu ya hatari kwa katalitiki, hutazama vipande vya mizunguko 200 ya krenkishafti. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mizunguko 200 ni sekunde nne tu. Ndiyo maana taa huanza kukonyeza karibu papo hapo, bila kungoja safari ya pili.

Chukua gari ambalo kila mtu huku amewahi kulipanda, Toyota Probox au Fielder yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Injini hiyo ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake iliyokaa moja kwa moja juu ya plagi. Gari limetoka Nakuru likiwa na watu na mizigo, linaelekea Kisumu. Mjini lilikuwa sawa. Limepita Salgaa, limeanza kupanda Sachangwan kuelekea Mau Summit, dereva amekanyaga mafuta, mara gari linaanza kutetemeka na taa inakonyeza. Akifika mahali tambarare na kulegeza mguu, taa inaacha kukonyeza na kubaki imewaka. Wengi hapo huona tatizo limepungua. Sivyo. Mzigo ndio umepungua.

Mlimani injini huvuta hewa nyingi zaidi kuliko kwenye tambarare, na hewa hiyo ikibanwa ndani ya silinda, cheche huhitaji umeme wa nguvu kubwa zaidi ili kuruka kwenye mwanya wa plagi. Koili iliyochoka, au plagi ambayo mwanya wake umelika ukapita milimita 1.1 iliyokusudiwa, inaweza kumudu kazi ya mjini na kushindwa kabisa kwenye mwinuko. Umeme unatafuta njia rahisi: unatorokea pembeni kupitia mpira wa koili uliopasuka na kuishia kwenye chuma cha injini. Cheche haipo, silinda haichomi.

Mafuta yaliyokuwa yachomwe yanakwenda wapi? Hapa ndipo katalitiki inapoingia. Silinda iliyokosa cheche bado imevuta hewa na petroli kama kawaida. Pistoni inapopanda inausukuma mchanganyiko huo mbichi nje kwenye ekzosi. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, silinda moja iliyokufa kabisa hufanya hivyo mara 25 kila sekunde. Na la muhimu ni kwamba petroli haitoki peke yake. Inatoka pamoja na oksijeni yake yote, kwa kipimo kile kile kinachofaa kuungua. Inachokosa ni joto tu, na joto liko mbele kidogo.

Ndani ya katalitiki kuna masega ya kauri yenye vijitundu vyembamba, yaliyopakwa utando wenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Katika kazi ya kawaida masega hayo hukaa kati ya nyuzi 400 na 800 za Selisiasi, na chembe hizo huwezesha mabaki madogo ya mafuta kuungua bila mwali. Zikipata mabaki madogo, zinayamaliza. Zikipata robo nzima ya mafuta ya injini, zinayachoma pia, hapo hapo juu ya kauri.

Tupige hesabu. Tuseme gari linapanda kwa kilomita 60 kwa saa na kutumia mafuta kwa kiwango cha lita 12 kwa kilomita 100. Hiyo ni lita 7.2 kwa saa. Robo yake, fungu la silinda moja, ni lita 1.8 kwa saa. Lita moja ya petroli hutoa takriban megajuli 32, kwa hiyo joto linaloingizwa kwenye ekzosi ni kama kilowati 16. Ni sawa na kuwasha birika nane za umeme za kilowati 2 ndani ya kopo moja la chuma. Na kopo hilo tayari lilikuwa na moto.

Joto likipita takriban nyuzi 900 na kuendelea, zile chembe za madini huanza kuungana na kuwa mabonge, na eneo lake la kufanyia kazi linapungua. Hapo huoni kitu kwa macho wala kusikia, ila katalitiki imezeeka kwa dakika kadhaa kuliko ilivyozeeka kwa miaka. Likizidi sana, likapita nyuzi 1,400, kauri yenyewe inayeyuka, vijitundu vinaziba, na moshi unakosa pa kutokea. Madhara hutegemea joto na muda: kukonyeza kwa sekunde chache wakati wa kuwasha gari asubuhi hakuui katalitiki. Kupanda mlima wote huku taa ikikonyeza kunaweza kuiua.

Mara nyingi gari lenyewe huongeza ubaya bila kujua. Sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalitiki hunusa oksijeni ile iliyotoka bila kutumika. Haiwezi kutofautisha silinda iliyokosa cheche na injini yenye mafuta machache. Ikiripoti kuwa mafuta ni haba, kompyuta huongeza petroli kwa silinda zote.

Kwa hiyo taa ikikonyeza, legeza mguu kwanza, zima ea kondishena, na utafute mahali salama pa kuegesha. Usikanyage mafuta ukidhani injini itajisafisha. Usiegeshe juu ya nyasi kavu, kwa maana katalitiki yenye moto wa namna hii inaweza kuziwasha, na kando ya barabara hiyo mwezi wa Januari au Februari nyasi ni kavu kweli. Zima injini. Kama hakuna budi kusogea hadi kituo kilicho karibu, sogea polepole bila mzigo wa mguu, na taa ikirudi kukonyeza, simama.

Kutafuta chanzo si kazi kubwa ukianza kwa utaratibu. Skana itaonyesha namba ya hitilafu, P0301 hadi P0304, na tarakimu ya mwisho ndiyo silinda yenyewe, ya kwanza ikiwa upande wa mkanda. P0300 ina maana ya kumisi kusikotulia kwenye silinda moja, kunakohamahama au kugusa silinda kadhaa. Tuseme gari letu limetoa P0303. Injini ikiwa imezimwa, toa koili ya silinda ya tatu uiweke ya pili, na ya pili uirudishe ya tatu. Futa namba, kisha endesha kwa upole hadi ijirudie, usipande mlima kuijaribu. Ikija P0302, koili ndiyo mbaya, kwa sababu shida imeifuata. Ikibaki P0303, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Ikikataa kuhama tena, angalia nozeli, kisha pima kompresheni. Kabla ya yote, tazama ndani ya shimo la plagi: maji yaliyoingia injini ilipooshwa kwa mashine ya presha, au oili iliyovuja kutoka gasketi ya tapeti kava, yanatosha kuivujisha cheche ya koili nzima kabisa.

Kuna tabia moja ambayo ningependa iachwe. Fundi anachomoa koili moja moja injini ikiwa inanguruma, asikie ni silinda ipi haibadilishi mlio. Kila anapochomoa, anaitengeneza ile ile hatari tunayoikimbia, petroli mbichi kwenda kwenye katalitiki, na koili inaweza kuharibika kwa kukosa pa kupeleka umeme wake. Achomoe plagi ya umeme ya nozeli badala yake: silinda inanyamaza vile vile, ila hewa tupu ndiyo inayotoka.

Na utajuaje kama katalitiki imeshaumia? Iliyoziba huifanya injini ikose pumzi: gari linaondoka vizuri, halafu mizunguko inagoma kupanda hata ukikanyaga. Fundi anaweza kufungua sensa ya oksijeni ya mbele injini ikiwa imepoa, aweke geji mahali pake na kuipandisha hadi mizunguko 2,500. Presha ikipita takriban psi 3, njia imeziba. Mlio wa vitu vinavyogongana ndani ya kopo ni kauri iliyovunjika. Ile iliyozeeka bila kuziba haionyeshi dalili hizo, bali hutoa namba P0420 na taa iliyotulia.

P0420 ikija pamoja na namba ya kumisi, usinunue katalitiki bado. Tengeneza kumisi kwanza, futa namba zote, endesha siku kadhaa, kisha uangalie kama imerudi. Ukiweka mpya juu ya koili mbovu, utaiunguza nayo.

Jambo la mwisho linawahusu wenye magari yaliyotoka Japani, na huku ni wengi. Sharti la taa kukonyeza lilitoka katika sheria ya Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakufungwa nalo. Gari lako linaweza kumisi vibaya huku taa imetulia tu, au haijawaka kabisa. Ukisikia linatetemeka na kukosa nguvu mlimani, na harufu ya petroli inatoka nyuma, lichukulie kuwa linakonyeza.