Skripti ya Goma ikienda Nairobi: toa Kifaransa, weka Kiingereza?

Sisi wa Goma tunachanganya Kiswahili na Kifaransa kutwa nzima. Ndiyo maana tukiombwa kuandika upya skripti kwa watazamaji wa Nairobi, wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, tunaiona kazi nyepesi.

Dhana: Palipo na Kifaransa, weka Kiingereza.

Hapa ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Katika nakala ya Goma, mhusika Furaha anamwambia rafiki yake: "Donk, mem miye nilishadesidé." Nikageuza neno kwa neno: "So, ivun mi nimedisaidi." Mwigizaji aliyekulia Nairobi akasoma, akasita kwenye "ivun". "So" alilipitisha, "nimedisaidi" alilitamka bila kufikiri, lakini hapo katikati yeye husema "hata mimi". Mstari ukawa: "So, hata mimi nimedisaidi." Kumbe kila mji una sehemu zake za kuingizia lugha ya pili, na sehemu hizo hazihamishiki. Tangu siku hiyo siandiki mstari wa Nairobi kabla ya kumsikia mtu wa huko akiusema.

Dhana: Mchanganyiko hauna sarufi.

Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya Nairobi, alieleza mwaka 1993 kwamba lugha moja hushika kiunzi cha sentensi na nyingine huleta maneno ya kujaza. Tazama: "Hizo mitingi zote wamekanseli." Maneno mawili yametoka Kiingereza, ila viambishi na upatanisho ni vya Kiswahili. Kinyume chake hakisemwi: hakuna anayesema "anasomaing".

Mhariri wetu aliona "mi-" akasahihisha kuwa "mitingi yote", kana kwamba ni miti. Nikamrudishia. Neno la kukopa kama hilo huingia ngeli ya "nyumba": mitingi hii, mitingi hizi, mitingi tatu.

Dhana: Gawa Kiingereza sawasawa, neno moja kila mstari.

Hapana, na hili ndilo linaloua skripti nyingi. Watu hawabadili lugha kwa kipimo, hubadili kwa sababu ya anayesikiliza na jambo linalosemwa. Kabla ya kugusa neno lolote, naandika pembeni mwa kila mstari: anaongea na nani, kuhusu nini?

Katika onyesho letu Furaha yuko jikoni na mama yake, na hapo Kiswahili kinatosha. Bosi anapiga simu, naye anajibu kwa Kiingereza kitupu. Akikata simu anarudi kwa mama na Kiswahili chake, isipokuwa anapoyarudia maneno ya bosi. Hayo yanabaki kama yalivyosemwa, kwa sababu ndivyo tunavyonukuu watu. Kisha kaka yake anaingia akidai pesa. Furaha, ambaye siku zote huongea naye Kiswahili, anamjibu sentensi moja nzima ya Kiingereza, na mtazamaji anaelewa kwamba mlango umefungwa. Nilifuta Kiingereza chote kilichotangulia kati yao wawili, ili sentensi hiyo isikike.