Uwiano wa thruputi: kupanga bidhaa kwa dakika za mashine inayobana

Thruputi ya bidhaa ni bei ya kuuzia ukitoa malighafi ya moja kwa moja, basi. Mishahara haitolewi hapo. Pamoja na kodi ya jengo na umeme, inaingia kwenye gharama za kiwanda, ambazo kwa muda mfupi huchukuliwa kuwa hazibadiliki. Anayetoa mishahara kwenye thruputi kisha akaijumlisha tena kwenye gharama ameihesabu mara mbili, na kosa hili ni la kawaida sana kwenye mitihani.

Chukua mfano wa karakana ya samani yenye mashine moja ya randa, inayofanya kazi dakika 2,400 kwa wiki. Kiti kinauzwa shilingi 60,000, mbao na vifaa vyake ni 30,000, na kinakaa kwenye randa dakika 10. Meza inauzwa 180,000, malighafi 100,000, dakika 40. Kabati ni 400,000, malighafi 250,000, dakika 100. Wateja wanataka viti 90, meza 30 na makabati 10 kwa wiki.

Kwanza hakikisha randa ndiyo inayobana kweli. Mahitaji yote yanadai dakika 900 + 1,200 + 1,000, yaani 3,100, na zilizopo ni 2,400. Tuseme kupaka vanishi na kuunganisha kuna nafasi ya kutosha.

Ukitazama thruputi ya kipande kimoja, kabati (150,000) linaongoza na kiti (30,000) kinashika mkia. Gawanya kwa dakika za randa uone: kiti 3,000, meza 2,000, kabati 1,500. Mpangilio umepinduka.

Kwa hiyo tengeneza viti 90, halafu meza 30. Zinabaki dakika 300, zinazotosha makabati 3. Thruputi ya wiki ni 2,700,000 + 2,400,000 + 450,000 = 5,550,000. Gharama za kiwanda zikiwa 4,320,000, faida ni 1,230,000. Ukianza na makabati yote 10, kisha meza 30, utapata nafasi ya viti 20 tu na faida ya 180,000.

Sasa uwiano wenyewe, uliopendekezwa na Galloway na Waldron mwaka 1988. Gawanya gharama za kiwanda kwa dakika za randa zilizopo: 4,320,000 ÷ 2,400 = shilingi 1,800 kwa dakika. Kisha gawanya thruputi ya kila dakika kwa hiyo 1,800. Kiti kinapata 1.67, meza 1.11, kabati 0.83.

Hapa wengi hukimbilia kulifuta kabati kwa kuwa uwiano wake uko chini ya 1. Maana yake ni kwamba kama randa ingetengeneza makabati peke yake wiki nzima, karakana ingepata hasara. Lakini zile dakika 300 hazina mteja mwingine, na 4,320,000 inalipwa hata randa ikizimwa. Ukiacha makabati 3, faida inashuka kutoka 1,230,000 hadi 780,000. Cha kuhangaikia ni kupandisha bei ya kabati, kupata mbao nafuu, au kupunguza muda wake kwenye randa: likishuka hadi dakika 80, linatoa 1,875 kwa dakika na uwiano unafika 1.04.