Kinachoila pleistesheni Malindi ni chumvi

Mwezi wa saba, kusi likiwa limekaza, mama mmoja wa hapa Malindi aliniletea PS4 ya mwanawe ndani ya mfuko wa nailoni. “Mwanangu, hii naitunza kama yai,” akasema. “Akimaliza tu kucheza, naifunika.” Nikaiwasha. Taa nyeupe ikawaka, feni ikazunguka, lakini televisheni ikabaki nyeusi. Nilipoutikisa waya wa HDMI, picha ikaja, kisha ikapotea. Nikaukuza mdomo wa tundu kwa kamera ya simu: pini za pembeni zilikuwa na unga wa kijani.

Dhana: vumbi ndilo adui, na nailoni ndiyo kinga.

Vumbi huziba feni na kuipandisha mashine joto, ni kweli. Lakini ule ukijani ni kazi ya chumvi. Mawimbi yakivunjika hurusha matone madogo mno, nayo kusi huyaleta hadi ndani ya nyumba. Tone likikauka, chumvi hubaki juu ya pini. Tazama kikopo cha chumvi jikoni msimu wa mvua: hulowa bila mtu kutia maji. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ina magnesi ndani yake. Usiku wa pwani kiwango hicho hupitwa mara nyingi. Pini zimepakwa dhahabu nyembamba sana, na kila unapochomeka na kuchomoa waya huikwaruza. Maji ya chumvi hupenya pale palipokwaruzika yakaila shaba ya chini.

Sasa ifunike kwa nailoni ingali na joto. Hewa uliyoifungia humo ni ile ile yenye unyevu, na mashine ikipoa usiku unyevu huo hauna pa kutokea. Iache ipoe saa nzima, kisha itupie leso kuukuu ya pamba. Leso hunasa vumbi na chumvi huku ikiacha hewa ipite. Mgongo wenye matundu usielekee dirisha la upande wa bahari, na tundu lisilotumika litie kizibo cha mpira.

Dhana: ikizimwa kwa rimoti haiwezi kuharibika.

Katika hali ya kupumzika, umeme bado umo ndani. Palipo na umeme na chumvi mbichi, kutu hukimbia. Kwenye HDMI, pini ya 18 ndiyo inayobeba volti 5 mashine inapofanya kazi, na jirani yake ya 17 ni ya ardhi, kwa hiyo mimi hutazama upande huo kwanza. Zima ukutani. Lakini usiilaze miezi mizima pia: mashine inayochezwa mara kwa mara hukaushwa na joto lake yenyewe.

Dhana: spiriti husafisha kila kitu.

Hapa hata mafundi hukosea. Alkoholi haiyeyushi chumvi vizuri. Hufuta mafuta na kuondoa maji, chumvi ikabaki. PS4 ile niliichomoa nyaya zote, nikangoja robo saa. Nikalowesha mswaki laini kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke yasibaki na chumvi, nikaukung’uta hadi ukawa na unyevunyevu tu, nikapiga kuingia na kutoka kufuata pini, bila kukandamiza wala kwenda kando, maana pini hupinda. Nikafuta, nikarudia mara mbili. Maji ya bomba au ya kisima hayafai, kwani nayo yana chumvi zake. Baada ya hapo ndipo nikapiga kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ifukuze maji yaliyobaki. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii. Nikaiacha mbele ya feni usiku kucha.

Kuhusu kuifukia mashine kwenye mchele ili ikauke: mchele hauondoi chumvi, na unga wake huita sisimizi.

Dhana: mende wakiingia, puliza dawa.

Dawa ya kupuliza ni majimaji yenye mafuta. Itaingia kwenye feni na kunasa vumbi. Mende hufuata joto la sehemu ya umeme na makombo yaliyo karibu. Ondoa chakula mezani, weka chambo cha mende nyuma ya meza, na kwa sisimizi simamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Wavu wa mbu juu ya matundu ya hewa huziba upesi. Mimi siuweki.

Asubuhi PS4 ilitoa picha, na nilipoutikisa waya haikukatika. Pini mbili zilikuwa na vishimo vyeusi, na hivyo havirudi kwa kusafisha. Nikamwambia mama wazi: picha ikianza tena kukatika, tundu zima libadilishwe kwa mashine ya hewa moto, na waya wa zamani asiuchomeke humo, kwani nao ulikuwa na ukijani kwenye ncha.