Kuruka mstari: kwa nini wanaozungumza huonekana hawatazamani

Watu wawili wanapozungumza, chora akilini mstari unaotoka machoni mwa mmoja hadi machoni mwa mwenzake. Kamera ikibaki upande mmoja wa mstari huo, mmoja atatazama kulia kwa skrini na mwingine kushoto. Ikivuka ng'ambo, tunasema imeruka mstari.

Chukua sini hii. Picha pana inamwonyesha mama kushoto akitazama kulia, na Juma kulia akimtazama mama. Dirisha liko nyuma ya mama, ukutani kuna kalenda. Picha ya karibu ya mama iko sawa. Inakuja ya Juma, naye anatazama kulia! Mtazamaji anahisi wote wawili wanamwangalia mtu wa tatu.

Dawa ya kwanza ni kugeuza shoti ya Juma, kulia iwe kushoto. Kwenye programu ya kuhariri video ya Premiere Pro athari yake inaitwa `Horizontal Flip`. Sasa Juma anamtazama mama. Hata mwanga unakubali: dirisha alilokuwa amelielekea upande wa kulia limehamia kushoto, kama kwenye picha pana. Ila ukuta ulio nyuma yake bado ni ule wa ng'ambo, hauna kalenda. Ukionekana kwa ukungu tu kwenye picha, utapita. Kabla ya kufurahi, simamisha picha ukague saa mkononi, mfuko wa shati, njia ya nywele na maandishi yoyote. Shoti ya mama akiwa na kanga mimi siigeuzi kabisa, maana jina la kanga litasomeka kinyumenyume, na watu wetu husoma kanga. Tena, kugeuza hakuponyi macho yaliyotazama juu mno au chini mno. Urefu wa mtazamo unabaki uleule.

Je, kama Juma amevaa fulana yenye maandishi? Hapo panga upya. Tuseme una picha pana nyingine iliyopigwa ng'ambo, mama akimimina chai. Mwache mama amalize sentensi yake, weka kikombe peke yake kikijaa, kisha picha pana hiyo: mama sasa yuko kulia, Juma kushoto akitazama kulia. Mtazamaji ameonyeshwa upya nani yuko wapi, kwa hiyo picha ya karibu ya Juma haimshtui tena. Kikombe pekee hakitoshi. Kinalainisha mruko, lakini hakimwambii mtu kwamba pande zimebadilika.

Kuanzia hapo usirudi kwenye picha ya karibu ya mama ya mwanzo. Kama huna nyingine ya upande mpya, baki na uso wa Juma na uache sauti ya mama isikike bila kumwona. Mara nyingi uso wa anayesikiliza ndio wenye uzito, nami nimewahi kuubakiza hata pale nilipokuwa na shoti ya mama iliyo sahihi.