Kabla ya Kutia Saini Udhamini: Hati Inakuondolea Nini, na Uombe Nini

Wanaonijia ofisini hapa Chake Chake wakiwa na barua ya madai mkononi, karibu wote huwa na kauli moja: "Mimi nilitia saini tu ili apate mkopo, mdaiwa ni yeye." Kauli hiyo inaeleweka, lakini sheria haiitambui. Zanzibar tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 149, iliyojengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na msingi wake katika udhamini ni kwamba wajibu wa mdhamini unalingana na wajibu wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe umesema vyengine. Maana yake ni kwamba siku mkopaji aliposhindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kukujia wewe moja kwa moja, bila ya kumshitaki kwanza mkopaji na bila ya kuuza kwanza mali aliyoiweka rehani. Wenye kuifahamu fikihi hawatalishangaa hilo, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii pia mwenye deni ana hiari ya kumdai mdaiwa au mdhamini wake.

Maneno muhimu katika msingi huo ni hayo ya mwisho: "isipokuwa mkataba umesema vyengine." Maneno hayo yanakata pande mbili. Mdhamini anaweza kuyatumia kupunguza mzigo wake, na mkopeshaji anaweza kuyatumia kuuongeza. Hati za dhamana huandikwa na mawakili wa mkopeshaji, kwa hiyo mara nyingi ni mkopeshaji peke yake anayeyatumia.

Nitaeleza kwa mfano wa kubuni, lakini masharti yake ni ya aina ninayoyaona kila mara. Mwalimu wa skuli moja ya Wete anamdhamini mtoto wa kaka yake, mvuvi, anayekopa shilingi 12,000,000 kununua mashine ya boti na kutengeneza chombo. Mkopo ni wa miezi 24, na riba ni asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya mtaji wote tangu mwanzo hadi mwisho. Riba ya miaka miwili ni 4,320,000, deni zima ni 16,320,000, na rejesho la kila mwezi ni 680,000, ambalo ndani yake 500,000 ni mtaji na 180,000 ni riba. Kijana analipa vizuri miezi 9, yaani 6,120,000. Halafu mashine inaharibika, na miezi 4 inapita bila ya rejesho. Shangazi yake hajui lolote, kwa sababu kijana anaona haya kumwambia na mkopeshaji hana wajibu wa kumwambia.

Barua inapomfika, inasema hivi. Salio la deni ni 10,200,000, na lote sasa linadaiwa kwa mara moja, kwa kuwa mkataba unasema rejesho likikosekana deni zima huiva. Adhabu ni asilimia 5 ya malimbikizo kwa kila mwezi, ambayo kwa miezi hiyo 4 inafika 340,000. Juu ya jumla ya 10,540,000 inaongezwa asilimia 10 ya gharama za kukusanya deni, yaani 1,054,000. Mwalimu anadaiwa 11,594,000. Mkopo ulikuwa wa milioni 12, marejesho 9 yameshalipwa, na bado anaambiwa alete karibu milioni 12. Tena ndani ya dai hilo imo riba ya miezi 11 ambayo haijafika, 1,980,000, yaani ujira wa muda ambao fedha hazitakaa tena mikononi mwa mkopaji. Hakuna kosa la hesabu hapo; kila kitu kimo katika hati aliyoitia saini.

Sheria yenyewe, bila ya hati, ingemlinda kwa njia ambazo watu wengi hawazijui. Mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti ya mkopo bila ya idhini ya mdhamini, mdhamini huwa huru kwa yote yanayofuata baada ya badiliko hilo. Mkopeshaji akikubaliana na mkopaji kumpa muda zaidi bila ya kumshirikisha mdhamini, mdhamini pia huachiliwa, ingawa kumsubiri mkopaji kimyakimya bila ya makubaliano hakumwachilii. Mkopeshaji akiiachia au akiipoteza mali iliyowekwa rehani, mdhamini hupunguziwa wajibu kwa kiasi cha thamani ya mali hiyo. Na mdhamini anayelipa deni huingia mahali pa mkopeshaji: anaweza kumdai mkopaji alichomlipia, na ana haki ya kukabidhiwa rehani.

Basi sasa isome hati. Tafuta kifungu kinachosema kwamba mdhamini "atahesabiwa kuwa mdaiwa mkuu", au kwamba dhamana "haitaathiriwa na mabadiliko yoyote, kuongezwa muda, wala kuachiliwa kwa rehani yoyote." Kifungu hicho, ambacho aghalabu hukaa katikati ya ukurasa wa pili kwa herufi ndogo, ndicho kinachoondoa karibu ulinzi wote nilioutaja, na mahakama kwa kawaida hukiheshimu, kwa kuwa mtu mzima anaruhusiwa kuacha haki yake kwa hiari. Kingine ni "madeni yote ya sasa na ya baadaye." Kama hati ya mwalimu ina maneno hayo, na kijana mwezi wa saba aliongezewa milioni 5 nyengine, basi nazo zimo katika dhamana ileile, ijapokuwa shangazi hakuitwa wala hakuarifiwa.

Ulinzi wenye nguvu kuliko wote ni kikomo cha fedha, lakini kikomo nacho huandikwa vizuri au vibaya. Ukiandika "mdhamini anadhamini hadi 8,000,000", mkopeshaji anaweza kusema hiyo ni ya mtaji tu, na riba, adhabu na gharama ziko nje yake. Anaweza pia kusema kwamba marejesho ya mkopaji yanapunguza kwanza ile sehemu isiyodhaminiwa, hivyo milioni 8 zako zinabaki zilezile mpaka sehemu hiyo iishe. Kwa hiyo mimi huwashauri watu wakifunge kikomo kwenye salio, na maneno ninayoyapendekeza ni haya: "Jumla ya wajibu wa mdhamini, ikijumuisha mtaji, riba, adhabu na gharama zote, haitazidi nusu ya salio la mkopo huu namba fulani siku dai linapotolewa, na dhamana hii haihusu mkopo mwengine wowote wala nyongeza yoyote bila ya saini mpya ya mdhamini." Kwa maneno hayo mwalimu wetu angedaiwa 5,100,000 na si zaidi. Bado ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu, lakini ni deni linaloweza kulipwa bila ya kuuza kiwanja.

La pili ni taarifa. Omba kiongezwe kifungu kwamba mkopeshaji atamwarifu mdhamini kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu rejesho kukosekana, na kwamba asipofanya hivyo mdhamini hatabeba adhabu ya kipindi ambacho hakuarifiwa. Kwa maoni yangu ombi hili ni jepesi kukubaliwa kuliko kikomo, kwa sababu halimpunguzii mkopeshaji mtaji wake, na faida yake kwa mdhamini ni kubwa. Mwalimu angejua mwezi wa kumi, rejesho likiwa moja tu, wakati ambapo familia ingeweza kukaa na kijana, ikachangia 680,000 na kuitengeneza mashine.

Wadhamini wakiwa watatu, msidhani kwamba kila mmoja amebeba theluthi moja. Hati ikisema mnawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", mkopeshaji anaweza kumchagua mmoja wenu kwa deni zima, na atakayechaguliwa ni yule ambaye mshahara wake ni rahisi kukatwa. Sheria inampa aliyelipa haki ya kuwadai wenzake mafungu yao sawasawa, lakini kesi hiyo ataifungua yeye na gharama zake atazitoa yeye. Andikeni kila mmoja na kiasi chake. Angalieni pia kama pamoja na hati mmepewa fomu ya kuidhinisha mshahara kukatwa, kwa kuwa ile ni idhini ya peke yake, na inamwezesha mkopeshaji kuanza kukata kabla hujapata nafasi hata ya kuhoji hesabu. Kama huwezi kuikataa, andika juu yake kiwango cha juu cha makato kwa mwezi.

Katika kukodi mlango wa duka mambo ni mafupi zaidi, kwa vile hapa kwetu kodi nyingi hulipwa mbele. Hatari yake ni maneno "na kila mkataba huu utakaporefushwa." Mdhamini wa mlango wa Darajani wa kodi ya 400,000 kwa mwezi, aliyedhania amedhamini mwaka mmoja, anaweza kujikuta anadaiwa malimbikizo ya mwaka wa tatu, bili ya umeme na ukarabati wa dari. Omba dhamana iwe ya mwaka wa mwanzo tu, isizidi kodi ya miezi mitatu, yaani 1,200,000, na hali ya mlango iandikwe na kusainiwa na pande zote siku ya kukabidhiana funguo.

Utaratibu wa kuomba haya ni wa kawaida. Ichukue hati nyumbani siku mbili tatu. Mkopeshaji anayekataa usiichukue amekwisha kukueleza jambo la maana. Kama imeandikwa kwa Kiingereza na hukisomi, tafuta wa kukusomea neno kwa neno, kwa sababu kutofahamu lugha ya hati uliyoisaini ni utetezi dhaifu sana mahakamani. Usitie saini fomu yenye nafasi tupu ya kiasi, muda au namba ya mkopo. Marekebisho yaandikwe kwenye hati yenyewe na kusainiwa pembeni na pande zote mbili. Afisa akikwambia, "Usiwe na wasiwasi, mama, huu ni utaratibu tu," mwombe kwa adabu ayaandike hayo, kwani neno la mdomo halibadilishi mkataba wa maandishi. Kisha ondoka na nakala iliyosainiwa, uiweke pamoja na hati zako za nyumba, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwamba ipo: ukifariki, deni lililokwisha kukuangukia hulipwa kutoka kwenye mali yako kabla ya warithi kugawiwa, na warithi wasioijua hati hiyo hawataweza kuhoji kiasi wanachodaiwa.

Na mkopaji akimaliza kulipa, usingoje uarifiwe. Nenda mwenyewe ukaombe barua inayosema kwamba mkopo namba fulani umefungwa na dhamana yako imeachiliwa, pamoja na fomu ya makato ya mshahara iliyofutwa. Kama ni wewe uliyelipa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, dai stakabadhi yenye jina lako kama mlipaji na si jina la mkopaji, kwa sababu stakabadhi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kumdai yeye au wadhamini wenzako, na ndiyo itakayokuwezesha, deni likisha, kuomba ukabidhiwe kadi ya chombo au hati ya kiwanja iliyowekwa rehani.