Nusu saa iliyopotea London: kuhuisha ripoti za ofisi tatu kutoka Nairobi

Sisi tuliozoea kufanya kazi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tuna bahati inayotulemaza. Saa yetu ni moja, UTC+3, Januari hadi Desemba, na hakuna anayeisogeza mbele wala kuirudisha nyuma. Ndiyo maana nilipopewa kazi ya kupanga uhuishaji wa ripoti ya mauzo kwa ofisi za Nairobi, Cairo na London, nilichagua muda mmoja wa usiku kwa saa za Nairobi, nikaujaribu wiki mbili, nikaona takwimu zinalingana, nikaendelea na mambo mengine. Hiyo ilikuwa Juni 2024, na mwezi wenyewe ulichangia kunipotosha.

Kampuni inauza chai na kahawa kwa oda za mtandaoni. Kila oda inaingia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na muda wake, na kila usiku kazi moja kwenye Kubernetes inachukua oda za siku iliyoisha, inazijumlisha kwa kila ofisi na kuandika jumla kwenye jedwali ambalo dashibodi inalisoma. Kila ofisi inataka siku yake ihesabiwe kwa saa zake: Jumatatu ya London ianze na kuisha kwa usiku wa manane wa London. Niliipanga kazi iende saa nane na nusu usiku, yaani 02:30 ya Nairobi, ili mameneja wetu wakifika asubuhi wakute kila kitu tayari.

Kwa Juni hesabu ni safi. Saa 02:30 ya Nairobi ni 23:30 UTC. London wakati huo wako kwenye saa za majira ya joto, UTC+1, kwa hiyo kwao ni 00:30: siku yao imekwisha nusu saa iliyopita. Cairo nao, tangu Misri irudishe saa za majira ya joto mwaka 2023, wako sawa kabisa na Nairobi kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Ofisi zote tatu zimefunga siku, na kazi inakuta kila oda mahali pake.

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024 Waingereza walirudisha saa zao nyuma, kama wafanyavyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kazi yangu haikubadilika hata dakika moja. Iliendelea kwenda 23:30 UTC, ila sasa London nayo ilikuwa 23:30. Siku yao ilikuwa imebakiza nusu saa. Kazi ikachukua oda za Jumatatu hadi saa tano na nusu usiku, ikaandika jumla, ikalala. Usiku uliofuata ikaenda moja kwa moja kwenye Jumanne. Oda zilizoingia London kati ya 23:30 na usiku wa manane hazikuwa za jana wala za leo machoni pa kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kurudi kuzichukua.

Hitilafu ya namna hii haipigi kelele. Kazi inamalizika salama, kumbukumbu zake hazina kosa, na upungufu kwa usiku mmoja ni mdogo kiasi kwamba unafanana na tofauti ya kawaida ya biashara. Aliyeigundua ni mhasibu wa London, Januari 2025, alipolinganisha jumla ya Desemba kwenye dashibodi na pesa zilizoingia benki. Aliniandikia kwa upole kwamba dashibodi iko chini kila siku, si siku moja moja. Neno hilo "kila siku" ndilo lililonielekeza. Data mbovu huja na kuondoka. Upungufu unaorudi kila siku kwa kiasi kinachokaribiana mara nyingi ni dirisha la muda lililokaa vibaya.

Njia ya kuuthibitisha ni rahisi. Ukiwa umehifadhi orodha ya oda zilizohesabiwa, zipange kwa saa ya ofisi husika, si kwa saa yako:

```sql
SELECT date_trunc('hour', ordered_at AT TIME ZONE 'Europe/London') AS saa,
       count(*)
FROM oda_zilizohesabiwa
WHERE ofisi = 'London'
GROUP BY 1 ORDER BY 1;
```

Nililinganisha saa ya 23 kabla na baada ya tarehe 27 Oktoba. Kabla yake ilikuwa na idadi yake ya kawaida. Baada yake ilishuka karibu nusu, kuanzia usiku huo huo, na haikupanda tena. Tatizo lililoanza siku moja na saa kubadilishwa halihitaji ushahidi mwingine mwingi.

Marekebisho yangu ya kwanza yalionekana ya busara, na watu wengi bado wanayapendekeza: kila ofisi ipewe kazi yake, kwa ukanda wake wa saa, iende nusu saa baada ya usiku wa manane wa mahali hapo. Kubernetes inaruhusu jambo hilo kwa mstari mmoja:

```yaml
spec:
  schedule: "30 0 * * *"
  timeZone: "Africa/Cairo"
```

London ilipona mara moja, na ina sababu ya kupona. Waingereza hubadilisha saa ikiwa 01:00 UTC. Machi saa zao zinaruka kutoka 01:00 hadi 02:00, na Oktoba zinarudi kutoka 02:00 hadi 01:00. Kwa hiyo saa inayokosekana au kujirudia kwao ni ile ya baada ya saa saba usiku. Muda wa 00:30 upo kila siku ya mwaka, mara moja tu. Nilichukulia kwamba mambo ni hayo hayo kila mahali, nikaandika 00:30 kwa Cairo pia.

Misri hawafanyi hivyo. Wao husogeza saa usiku wa kuamkia Ijumaa ya mwisho ya Aprili, pale pale kwenye usiku wa manane. Ikifika 00:00, saa inakuwa 01:00. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 2025 muda wa 00:30 haukuwepo Cairo. Maktaba ambayo Kubernetes inaitumia kusoma ratiba inasema wazi kwenye maelezo yake kwamba kazi iliyopangiwa muda uliorukwa haitaendeshwa. Baadhi ya programu za cron kwenye seva za Linux huendesha kazi kama hiyo mara tu baada ya mruko, kwa hiyo usidhani tabia ya moja ni ya zote.

Kazi ya Cairo haikuanza kabisa usiku ule. Kengele yangu ilikuwa imefungwa kulia kazi ikishindwa, na kazi isiyoanza haiwezi kushindwa. Ijumaa na Jumamosi ofisi ya Cairo huwa imefungwa, kwa hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi, siku yao ya kwanza ya kazi, walipoona kwamba Alhamisi nzima ina sifuri. Tangu hapo kengele ninayoitegemea ni ile inayouliza kama safu ya jana ya kila ofisi ipo kwenye jedwali, na inalia isipopatikana.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu halisi. Nilikuwa nimeunganisha maswali mawili: kazi iende lini, na kazi ichukue oda za muda gani. Swali la kwanza halihitaji saa za mahali popote. Linahitaji tu muda ambao ofisi zote zimeshafunga siku, katika kila majira. Usiku wa manane wa Nairobi ni 21:00 UTC. Wa Cairo ni 21:00 au 22:00. Wa London ni 23:00 wakati wa joto na 00:00 wakati wa baridi. Wa mwisho kabisa ni 00:00 UTC, basi kazi moja inayokwenda 00:30 UTC inawatosha wote mwaka mzima. Kwetu hiyo ni saa tisa na nusu usiku, na haisogei kamwe.

Swali la pili ndilo lenye ukanda wa saa, na mahali pake ni ndani ya hoja ya SQL:

```sql
WHERE ordered_at >= TIMESTAMP '2025-04-25 00:00' AT TIME ZONE 'Africa/Cairo'
  AND ordered_at <  TIMESTAMP '2025-04-26 00:00' AT TIME ZONE 'Africa/Cairo'
```

Safu ya `ordered_at` lazima iwe ya aina ya `timestamptz`. Angalia tarehe niliyoweka: ni Ijumaa ile ile isiyo na usiku wa manane. PostgreSQL inausoma muda huo uliorukwa kwa saa za kabla ya mruko, ikapata 22:00 UTC ya tarehe 24, ambayo ndiyo nukta yenyewe ya mabadiliko. Mwisho wa dirisha ni 21:00 UTC ya tarehe 25. Siku ile ina saa 23. Alhamisi ya tarehe 30 Oktoba 2025, Misri waliporudisha saa nyuma, ilikuwa na saa 25. Anayeandika mwanzo wa siku kisha akajumlisha saa 24 ataiba saa ya Jumamosi mwezi Aprili na kuacha saa ya Alhamisi mwezi Oktoba. Andika mipaka yote miwili kama tarehe za kalenda, uiachie hifadhidata ihesabu saa.

Kila usiku kazi pia inafuta na kuandika upya siku tatu zilizopita badala ya moja. Ikikosa usiku mmoja kwa sababu yoyote, usiku unaofuata unaziba pengo bila mtu kuamshwa.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe tunaosoma saa kwa Kiswahili. Ombi la kwanza la ripoti hii lilinifikia kama ujumbe wa simu: "iwe tayari saa mbili". Mimi nilielewa 08:00. Mwenzetu wa Cairo aliyenakiliwa alipotafsiriwa alielewa 02:00. Siku hizi silipokei ombi la ratiba bila kuliandika upya kama `08:00 Africa/Nairobi` na kumrudishia aliyeliomba athibitishe. Jina la ukanda naliandika kamili, kamwe si `+02:00`, kwa sababu namba hiyo ni ya Cairo wakati wa baridi pekee.

Na jina lenyewe linategemea jedwali la kanda za saa lililopo kwenye seva. Misri walitangaza uamuzi wao Machi 2023 na kuanza kuutumia tarehe 28 Aprili. Seva ambayo haijasasishwa tangu kabla ya hapo bado inaamini Cairo haina saa za majira ya joto. Hoja hii inaionyesha:

```sql
SELECT TIMESTAMPTZ '2025-07-01 12:00+00' AT TIME ZONE 'Africa/Cairo';
```

Jibu sahihi ni 15:00. Ukiona 14:00, sasisha `tzdata` kabla ya kugusa kitu kingine.

Mpango huu una mpaka wake. Ofisi ya New York ikiongezwa, usiku wao wa manane ni 04:00 UTC wakati wa joto na 05:00 wakati wa baridi, yaani saa moja au saa mbili asubuhi kwetu. Kazi moja ya usiku haitawatosha tena mameneja wa Nairobi, na hapo nitaiendesha kila saa, ikihesabu siku ya kila ofisi pale tu inapokuwa imefungwa.